Pokémon za karatasi au za kwenye simu? Uzoefu wangu wa miaka miwili hapa Tanga

Wakuu, mimi nipo Makorora, nacheza mchezo wa kadi za Pokémon, zile za karatasi na hii ya simu inaitwa Pokémon TCG Live, mwaka wa pili sasa unaisha, na madogo wananiuliza kila siku waanze na ipi, ngoja niseme nilivyoona mimi.

Tuanze na hela maana ndo inauma. Pakiti moja ina kadi 10, mimi ilikuwa inanifikia kwa 16,000 maana naagiza kwa jamaa wa Dar halafu anaipakia kwenye basi. Nilikuwa naitafuta kadi ya Charizard ex, nikafungua pakiti 12, hiyo ni 192,000 imeenda, na Charizard sikuiona. Deki, yani seti unayochezea, inataka kadi 60 na zile muhimu unaweka nne nne, sasa kwa kubahatisha pakiti utafikisha lini? Nikaacha nikaanza kununua kadi mojamoja, deki nzima ya Charizard ikakamilika kwa 110,000 hivi. Yani hela ya pakiti ingenipa karibu deki mbili.

Kwenye Live deki hiyohiyo sikulipia hata mia zaidi ya bando. Unacheza unapewa pakiti, kadi ukiwa nazo nne basi ya tano inageuka kredit, na kredit unatengenezea kadi unayoitaka wewe. Halafu kila pakiti ya karatasi ina kakadi kenye namba, ukiijaza kwenye Live unapata pakiti ya humo ndani, ila inakubali mara moja tu, so ukinunua pakiti mkononi kwa mtu hakikisha haijafunguliwa.

Sasa kuuza. Za kwenye Live huuzi, hakuna hata sehemu ya kubadilishana na mwenzio, siku ukiacha umeacha. Za karatasi zinauzika ila jamani angalieni ile herufi ndogo chini ya kadi pembeni. Hiyo ndo inasema kadi inaruhusiwa mashindanoni au la, na herufi za zamani zinatolewa kadiri miaka inavyokwenda. Kwenye deki yangu nilikuwa na Rotom V na Lumineon V, zote herufi F, Aprili 2025 F ikatolewa kwenye mashindano ya mtindo wa Standard. Rotom niliinunua 9,000, nilipotaka kuiuza mwezi wa sita jamaa akanipa 2,000 na sikumlaumu, maana ile kadi watu walikuwa wanaitaka ya kuchezea, sio ya kuweka kwenye albamu. Charizard ni tofauti, yule watu wanamtaka hata asipocheza. Kwa hiyo kabla hujanunua jiulize huyu mnunuzi wa kesho ataitaka ya nini.

Na kuna kitu watu wa bara hawakijui, unyevu wa huku kwetu. Kadi zinazong'aa zina utando juu ya karatasi, karatasi inanyonya unyevu inatanuka, utando hautanuki, kadi inajikunja kuelekea upande wa picha. Nilikuwa naziacha mezani karibu na dirisha, msimu wa masika ulipoisha kadi saba zimepinda kama ganda la ndizi, na mnunuzi akikuta hivyo anakata bei palepale. Siku hizi naziweka kwenye kifuko cha plastiki, halafu kwenye kopo la mfuniko wa kubana na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Zilizopinda kidogo zilinyooka baada ya wiki kama mbili, zilizovunjika ngozi hazirudi tena.

Kupinda sio bei tu, hata mashindanoni ni kesi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tunakutana Ngamiani barazani kwa mshikaji, watu wanane, raundi tatu, ukishinda pointi 3, sare 1. Mwezi wa tano tukaona dogo mmoja deki yake ikiwekwa mezani unaijua kadi inayofuata ni ex, zile zinazong'aa, maana imepinda ikainua zenzake juu. Hakuwa na nia mbaya kabisa ila tulimwambia aitoe, kwenye mashindano rasmi hiyo inahesabiwa kadi yenye alama. Jaribu mwenyewe, weka deki mezani uinamie uitazame kwa ubavu, ukiona mwanya ujue ipo.

Live haina hayo, unapata mpinzani saa sita usiku, na sheria inazisimamia yenyewe, hapo ndo nilijifunza mpangilio wa zamu vizuri kuliko popote. Ila mtandao ukikata katikati ya mechi saa inaendelea kukuhesabia, nimeshapoteza mechi ya kushinda hivyo. Na kusema kweli ile ya barazani, mtu anakuonyesha kadi yake aliyoitafuta miezi minne, unaishika mkononi, kwenye simu sijaipata.

Mimi sasa deki mpya naijaribu Live kwanza mechi kama 30, ikinikaa ndo namtumia jamaa wa Dar orodha ya kadi, mojamoja, pakiti sinunui tena. Anayetaka kuja Jumapili asiye na deki aje tu, nina mbili za kuazima.