Kula kwa kiwango cha kudumisha uzito, au kunenepa kwanza ndipo upungue?

Anayeanza kunyanyua vyuma akiwa na kilo 80 na kitambi anaweza kula kalori zinazotosha kudumisha uzito wake, tuseme 2,500 kwa siku, zikiwa na protini gramu 130 hivi, na misuli ikajengeka polepole huku mafuta yakipungua. Njia ya pili, yaani kuongeza kalori 300 kwa miezi kadhaa kisha kuzipunguza, naona humfaa zaidi mzoefu mwembamba, ambaye mwili wake haujengi misuli kwa urahisi bila ziada. Kwa huyo wa kwanza mizani hupotosha, kwa kuwa hubaki palepale. Apime kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula. Kiuno kikipungua sentimita 1 kwa mwezi na vyuma vikiongezeka uzito, mafuta yanatoka. Kiuno kikikwama wiki 6, apunguze kalori 200.