Uzoefu wangu na programu iliyonipangia hesabu saa nane mchana

Nimevumilia muda mrefu nikijiambia labda nitaizoea, lakini hivi karibuni imenifikisha pabaya, acha niseme. Ni ile programu ya vikumbusho inayojinadi kwamba inakutafutia saa ambayo kichwa chako kiko vizuri zaidi, halafu inakuwekea kazi ngumu hapo hapo. Jina silitaji. Bei na mapambo yake mtayaona wenyewe mkitaka kuipakua.

Mimi natunza vitabu vya biashara ndogo ndogo hapa Dar: duka la dawa, duka la vifaa vya ujenzi, mama mmoja mwenye saluni. Sehemu kubwa ya siku yangu ni kazi nyepesi. Napigia watu simu wanitumie risiti, napanga karatasi za EFD, natuma ankara. Kazi ngumu ni moja tu, usuluhishi wa benki: taarifa ya benki mkono huu, leja mkono ule, mstari kwa mstari mpaka salio zikubaliane. Hiyo haitaki nguvu, inataka kichwa. Na lazima iishe kabla sijagusa ritani ya VAT, ambayo mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na TRA hawaulizi ulilalaje.

Sasa sikilizeni. Mwanzoni ilinipendeza sana, nisiwe mwizi wa fadhila. Siku ya kwanza ilinipa maswali ya aina ya lile dodoso la Horne na Östberg la mwaka 1976, lile la kutofautisha watu wa asubuhi na watu wa usiku. Swali moja lilitaka kujua ningeamka saa ngapi kama ningekuwa huru kabisa kujipangia. Nilicheka peke yangu. Nani yuko huru? Mimi huamshwa na adhana, kisha mtoto, kisha foleni ya bafu. Hata hivyo nilijibu, ikaniambia saa yangu kali ni kati ya saa moja na nusu na saa nne asubuhi. Na ilipatia! Kabla ya hapo, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka kitandani, kichwa bado kizito. Huo uzito wa usingizi huchukua dakika kadhaa hadi kama saa nzima kuisha, hata kwa mtu aliyelala vizuri. Baadaye joto la mwili linaendelea kupanda na akili inafunguka nalo. Mchana kati ya saa saba na saa tisa kuna mporomoko, na wengi wanausingizia ugali, kumbe hata aliyefunga au aliyeruka chakula anaupata. Shibe huuongeza tu.

Basi, wiki za mwanzo nilikuwa naisifia kwa kila mtu. Kisha ikaanza "kujifunza".

Kidogo kidogo kikumbusho cha usuluhishi kikahama. Kutoka saa mbili asubuhi kikaenda saa nne, mara saa sita, mwishowe nikakikuta saa nane mchana na maneno ya kunipongeza kwamba huo ndio wakati ninaofanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Saa nane! Saa ambayo hata paka wa jirani amejilaza chini ya gari.

Nilikaa nayo siku hiyo kwa sababu nilikuwa nimeshalipia, nikasema niwape nafasi. Vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi vilikuwa na tofauti ya shilingi 27,000 kati ya leja na benki. Nikaanza kutafuta. Nikashuku makato ya benki, nikayajumlisha, hayakufika. Nikashuku hundi ambayo haijaiva, haikuwepo. Nikarudia ukurasa ule ule mpaka mistari ikawa inaogelea. Magharibi ikanikuta hapo hapo.

Asubuhi iliyofuata, chai mkononi, nikaitazama ile 27,000 na jambo la kwanza lililonijia ni kuigawanya kwa 9. Ikatoka 3,000 bila kubaki kitu. Mtunza vitabu yeyote akiona tofauti inagawanyika kwa 9 hushuku kwanza tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Nikatafuta kiasi chenye tarakimu mbili za jirani zinazotofautiana kwa 3, mahali pa maelfu na makumi ya maelfu. Nikakikuta: benki imeandika 458,000, kijana wa kaunta ameingiza 485,000. Toa, unapata 27,000 kamili. Chai ilikuwa bado ya moto. Ujuzi huo ninao tangu zamani, na mchana ule nilikuwa nao vile vile. Saa nane ulikuwa umelala tu.

Ndipo nikataka kujua kwa nini programu inanihamishia kazi. Nikafungua historia yake nikaisoma kwa makini, nikaona upuuzi wenyewe. Inapima "nguvu" zako kwa idadi ya kazi unazoziwekea tiki. Asubuhi mimi nafanya kazi moja, inachukua saa mbili, natia tiki moja. Mchana nanunua umeme wa LUKU, nampigia mteja, natuma ankara, najibu ujumbe: tiki, tiki, tiki, tiki. Kwa hesabu zao mchana mimi ni simba na asubuhi ni goigoi. Hawatofautishi tiki ya dakika mbili na tiki ya saa mbili! Kadiri unavyotumia asubuhi yako ipasavyo, ndivyo inavyokuona mvivu wa asubuhi na kukusogezea kazi ngumu mchana. Na kwa kuwa mchana unashindwa kuimaliza, unajiliwaza na vijikazi vingine vidogo, unaongeza tiki, nayo inazidi kuamini.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa, nikaeleza yote haya na mfano wa 27,000 juu. Akajibu kaka mmoja, baada ya siku kadhaa: "Dada, mfumo unafuata takwimu zako mwenyewe. Huenda wewe si mtu wa asubuhi kama unavyodhani. Jitahidi kuwa na nidhamu ya kufuata ratiba." Nidhamu! Mimi ninayeamka kabla ya jogoo, wanifundishe nidhamu kwa meseji! Nikamuuliza kama naweza walau kuifunga saa ya kikumbusho kimoja isihamishwe. Akanitumia alama ya dole gumba. Mpaka leo.

Nilipoa kidogo, halafu likanipanda tena kwa jambo la pili, ambalo hata mwenye programu nzuri kuliko hii anaweza kukutana nalo. Asubuhi moja nilirudisha kikumbusho kwa mkono saa 07:20. Nikaweka simu mezani kifudifudi ili isinisumbue. Kikafika saa mbili kasoro, pale nilipoiokota simu kutazama kitu kingine. Mwanzoni nikadhani ni mtandao, kumbe kikumbusho hicho hakihitaji hata mtandao. Ni Android yenyewe: simu ikitulia mahali pamoja, skrini imezimwa na haiko kwenye chaji, inaingia usingizini kutunza betri, na kengele za programu ambazo hazikuombewa ruhusa maalumu zinasubiri mpaka simu izinduke. Sasa fikirieni: mtu anayetuliza akili ni nani? Ni yule aliyeiacha simu imelala mezani. Yaani kikumbusho kinachelewa hasa kwa yule anayekihitaji.

Dawa yake ipo. Ingia mipangilio ya simu, kwenye ruhusa maalumu za programu kuna `Alarms & reminders`; iruhusu programu yako hapo. Kisha kwenye betri ya programu hiyo chagua `Unrestricted`. Kwenye Android 14 programu nyingi mpya huwa hazipewi ruhusa hiyo ya kwanza mpaka uiwashe mwenyewe. Ukitaka kujua kama ndilo tatizo lako, weka kikumbusho kitakachokuja baada ya saa mbili hivi, chomoa chaji, zima skrini, iache simu bila kuigusa, uone. Kikija kwa wakati ukiwa unaichezea na kikichelewa ukiiacha, basi ndilo. Hili kaka wa dole gumba angeweza kuniambia kwa mistari miwili.

Nisiseme uongo, wazo lenyewe ni zuri, na ndilo linaloniudhi zaidi. Sasa nafanya kwa saa ya kawaida ya simu, ile ya kuamshia watu. Kengele ya usuluhishi inalia robo saa kabla ya wakati, si ndani ya wakati, kwa sababu kutafuta faili, kufungua leja na kuchapisha taarifa ya benki ni vitu vya kufanya na kichwa kizito. Nikiketi rasmi kila kitu kiko mezani. Vijikazi vyote nimevipa kengele moja ya saa nane, vije kwa fungu. Kati ya saa moja na nusu na saa nne hakuna kinacholia.

Na saa yangu kali sikuithibitisha kwa tiki. Nilichukua kurasa za taarifa ya benki zinazolingana wingi, nikazifanya saa tofauti kwa dakika 20, kisha nikahesabu mistari niliyolinganisha na niliyolinganisha vibaya. Kasi haikutofautiana sana. Makosa ndiyo yalitofautiana, na mchana yalikuwa aibu. Ramadhani ilipoingia nilirudia, maana daku hugeuza usingizi wote, na kweli saa ilisogea: baada ya Alfajiri ndiyo ikawa bora, na kufika saa nne nimekwisha. Programu yao ingehitaji mwezi mzima kuligundua hilo, na Idi ingekuwa imeshapita.

Nilikuwa nimeshaandika nyota moja. Lakini mdogo wangu, ambaye anachora nembo na mabango na huamka watu wakielekea kula mchana, anaitumia hiyo hiyo na kwake inafanya kazi barabara. Kazi zake zote zina ukubwa mmoja, bango ni bango, kwa hiyo tiki zake zinasema kweli, na ilimgundulia saa nne usiku bila kumtukana. Ukiwa kama yeye, jaribu, ila washa zile ruhusa kwanza. Ukiwa na kazi moja nzito na vijikazi vingi, achana nayo mpaka waweke kufuli kwenye saa.

Nyota mbili basi. Ya pili ni ya mdogo wangu, huyo kaka wa dole gumba asidhani ni yake.