Mkeka wa mbao au laminati imefifia? Nunua kwa mpangilio huu kabla hujagusa polishi

Watu wengi wakiona mkeka wa mbao, yaani ule wa plastiki ya vinili wenye michoro ya mbao, umefifia wanakimbilia polishi na hapo ndo shida inaanzia. Mara nyingi hiyo sakafu haijapungukiwa na kitu, imebeba kitu, yaani sabuni iliyokauka juu yake kila ulipopiga deki bila kusuuza, halafu vumbi likaja likanata hapo. Ukipaka polishi juu ya hiyo sabuni umeufungia uchafu ndani. Kwa hiyo bidhaa nimezipanga kulingana na kile zinachoacha sakafuni: isiyoacha kitu iko juu, inayoacha utando iko chini.

Kabla hujatoa pesa pima kwanza. Chukua kitambaa cheupe, kilowesh​e maji ya uvuguvugu, kikamue, sugua sehemu ndogo ya ukubwa wa sahani kwa dakika moja hivi. Ikishakauka chuchumaa uiangalie ukiwa umeelekea dirishani. Rangi ikirudi pale uliposugua na pembeni kukabaki ukungu, hiyo ni sabuni. Ukikwaruza na kucha ukatoa utando mweupe mweupe, hiyo ni polishi ya zamani. Na kama pamekuwa safi kabisa lakini bado pamefifia na unaona vimikwaruzo vidogo vingi, hasa pale mlangoni na mbele ya kochi, basi ile ngozi ya juu imelika na hakuna sabuni ya kuirudisha.

Namba moja: mopu ya maikrofaiba, ndoo mbili na sabuni isiyo kali. Anza hapa hata kama unahisi sakafu yako imeshakufa. Maikrofaiba inauokota uchafu, mopu ya nyuzi za pamba inausambaza tu. Sabuni tafuta ile iliyoandikwa pH 7 kwenye lebo, na kijiko kimoja cha chai kwa lita 5 za maji kinatosha, usione ni kidogo, povu jingi ndilo linalobaki sakafuni likikauka. Zile sabuni za maji za kupima mtaani nyingi huongezwa chumvi ili zionekane nzito, na ukiimwaga kwa kukadiria na jicho utaacha ukungu tu. Ndoo ya kwanza ina sabuni, ya pili maji matupu ya kusuuza, na haya ya pili yakiwa meusi unayabadilisha.

Kama ukungu ni wa muda mrefu au unatumia maji ya kisima yenye chumvi, weka robo kikombe cha siki nyeupe kwenye lita 5 za maji, pitisha mara moja kisha suuza. Isiwe ya kila siku. Na isikutane na Jik hata kidogo, zikichanganyika zinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Wenye laminati, zile mbao za kupachikana, mopu yenu inatakiwa ikamuliwe mpaka isidondoshe hata tone, kwa sababu ndani ni unga wa mbao uliogandamizwa na maji yakiingia kwenye maungio kingo zinavimba na hazirudi tena. Mashine ya mvuke pia hapana, hata muuzaji akuambie nini.

Namba mbili: spiriti ya hospitali na sponji ya melamini. Hizi ni za alama tu, ile michirizi myeusi ya soli za viatu na miguu ya viti. Anza na spiriti kidogo kwenye kitambaa, sugua, futa na maji, nyingi zinatoka hapo hapo. Ikigoma ndo unaleta ile sponji nyeupe ya melamini, ukiwa umeilowesha na unaisugua polepole bila kukandamiza. Iko laini mkononi lakini kazi yake ni kusaga, ukiikandamiza kwenye sakafu inayong'aa unaacha doa lililofifia, na hilo ni baya kuliko alama uliyokuwa unaitoa. Ijaribu chini ya kochi kwanza. Thina na asetoni ziache dukani, zinalainisha plastiki ya mkeka.

Namba tatu: dawa ya kutoa polishi ya zamani. Nunua hii kama kucha ilitoa ule utando mweupe, na kwa mkeka wa plastiki tu, laminati hapana. Duka la vifaa vya usafi wanayo, nyingi zina amonia. Fungua madirisha, vaa glavu, na hapa tena Jik isikaribie. Fanya kipande cha mita moja kwa mita moja kila mara: paka, subiri dakika chache kama lebo inavyosema, usiache ikauke, sugua na brashi laini, futa ule ute, suuza mara mbili. Ukikanyaga na soksi ukasikia bado panashika, ujue hujamaliza kusuuza.

Namba nne: polishi ya maji ya akriliki. Iko huku chini kwa sababu yenyewe ni utando, ila ni utando mgumu ukipakwa sawa. Ni ya mkeka uliolika na ulioshakuwa safi. Lebo iseme wazi kwamba ni ya vinili na kwamba haitelezi. Paka nyembamba, acha ikauke kabisa kwa muda ulioandikwa, rudia mara ya pili, basi. Ikinata siku ya pili mara nyingi sababu ni mbili, ulipaka nzito au ulipaka juu ya sabuni. Laminati haiinywi polishi, ngozi yake ni ngumu, kwa hiyo inakaa juu inateleza na kuonyesha nyayo. Laminati iliyolika unabadilisha ubao, hakuna njia ya kuipaka ikarudi.

Jirani mmoja wa Kasarani alikuwa na sebule ya mita 3 kwa 4, mkeka wa mbao wa rangi ya kahawia, soksi za watoto zinakuwa nyeusi kabla ya saa sita. Akaniambia, "Huu mkeka waliniuzia feki, wacha ninunue mwingine." Kumbe alikuwa anapiga deki na sabuni ya unga kila asubuhi, bila kusuuza. Tukapitisha maji ya siki mara moja, maji matupu mara mbili, na ndoo ya kwanza ya kusuuza ilitoka rangi ya chai ya maziwa. Ikishakauka mistari ya mbao ikaonekana tena chumba kizima isipokuwa njia ya kutoka mlangoni kwenda jikoni, hapo palikuwa pamelika kweli. Chupa ndogo ya akriliki ilitosha, lakini alipaka chumba chote kutoka ukuta hadi ukuta, manake ukipaka njia peke yake unapata barabara inayong'aa katikati ya nyumba.

Vya kutonunua kabisa: nta ya kopo ya sakafu ya simenti, hasa ile nyekundu, haikauki vizuri juu ya plastiki na inahamia kwenye miguu na nguo. Spreyi ya kung'arisha fanicha mara nyingi ina silikoni, sakafu inakuwa hatari kwa mzee au mtoto anayekimbia, na baadaye polishi ya kawaida haishiki hapo. Mafuta ya taa ndani ya maji ya deki yanang'arisha kwa saa chache halafu yanakuachia harufu, utelezi na vumbi linalonata, na ni kitu cha kushika moto ndani ya nyumba.

Ukimaliza, mlangoni weka zulia dogo la kitambaa la kukanyagia mchanga, lisiwe na mpira chini, ule mpira unaacha doa la njano kwenye mkeka wa plastiki na doa hilo halitoki kwa chochote kati ya hivi nilivyotaja.