Uzoefu wangu: Gari la benki nililolinunua mnadani Nairobi, na jinsi nilivyoweka kikomo cha dau

Mwaka jana nilinunua Toyota Fielder ya mwaka 2015 katika mnada wa magari yaliyotwaliwa na benki baada ya wakopaji kushindwa kulipa. Nyundo iligongwa kwa shilingi 740,000, ilhali magari ya aina hiyo na mwaka huo yalikuwa yakiuzwa kwenye yadi za Ngong Road na Kiambu Road kwa bei ya kati ya 1,250,000 na 1,320,000. Tofauti hiyo ndiyo iliyonivuta. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo si faida ya mnunuzi hata kidogo, bali ni fidia anayolipwa mapema kwa kukubali kununua kitu asichoruhusiwa kukijua vizuri.

Nilianza na tangazo la gazeti la Jumatatu, ambako madalali wa Nairobi hutangaza magari kwa nambari za usajili, pamoja na mahali pa kuyaona na saa ya mnada. Maandishi madogo chini ya tangazo ndiyo yenye uzito. Yalisema kwamba gari linauzwa katika hali lililo nayo na mahali lilipo, kwamba mnunuzi ahakikishe mwenyewe maelezo yote kwa kuwa dalali na benki hawayadhamini, na kwamba mauzo yanategemea bei ya chini iliyowekwa na benki, ambayo haitajwi. Ili kupata namba ya kunadi ilinibidi niweke amana ya shilingi 50,000 kwa hundi ya benki, irudishwe nikikosa gari. Mshindi alitakiwa kulipa asilimia 25 siku hiyo hiyo na salio ndani ya siku tatu. Akishindwa, alichokilipa kinapotea. Masharti haya hutofautiana kutoka mnada mmoja hadi mwingine, kwa hiyo nilipiga simu na kuuliza pia kama bei ya nyundo inajumuisha VAT na ni lini ada ya kuhifadhi gari yadini inaanza kuhesabiwa kwa mnunuzi.

Kabla ya kwenda kulitazama, nilitoa rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, nikaona limeandikishwa kwa jina la mkopaji pamoja na benki, kama inavyopaswa kuwa gari lililonunuliwa kwa mkopo. Nilitafuta pia katika daftari la dhamana za mali zinazohamishika, lililoanzishwa chini ya sheria ya 2017, kwa sababu mtu aliyebanwa na deni moja huenda aliweka gari hilo hilo rehani kwa mkopeshaji mwingine. Daftari lilionyesha benki peke yake. Kama lingeonyesha jina la pili, ningeacha habari hiyo papo hapo, hata gari liwe zuri namna gani.

Ukaguzi uliruhusiwa saa za kazi kwa siku mbili kabla ya mnada. Nilikwenda na fundi wangu, nikamlipa shilingi 3,000. Mlinzi alitufungulia milango na boneti, lakini hakuna aliyeruhusiwa kuliendesha gari, na kwa kuwa lilikuwa limesimama kwa muda wa miezi kumi na moja, betri ilikuwa imekufa. Hatukuruhusiwa kuleta betri yetu. Matokeo yake ni kwamba hatukusikia mlio wa injini, hatukuona taa za tahadhari kwenye dashibodi, wala hatukusoma kilomita, kwani Fielder hiyo huzionyesha kwenye skrini ambayo haiwaki bila umeme.

Mambo yaliyoonekana tuliyachukua yote. Nambari ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ililingana na ile ya rekodi. Boliti zinazoshika mabawa ya mbele zilikuwa na mikwaruzo ya spana, na taa ya kulia ilikuwa mpya kuliko ya kushoto huku kishikio chake kimevunjika, ishara kwamba gari liliwahi kugongwa kwa mbele na kutengenezwa kwa haraka. Tairi tatu zilikuwa na tarakimu 1419 ubavuni, yaani zilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019, na mpira wake ulikuwa umeanza kupasuka. Mafuta ya injini yalikuwa meusi lakini hayakuwa na utelezi wa rangi ya maziwa, na maji ya rejeta hayakuwa na mafuta juu yake. Kwa hiyo angalau hakukuwa na dalili ya gasketi ya silinda kuungua. Ufunguo ulikuwa mmoja tu.

Tulipofika kwenye giaboksi, fundi aliinua mikono. Giaboksi ya gari hilo ni ya CVT, ile inayobadilisha mwendo kwa mkanda wa chuma badala ya gia, na haina kijiti cha kupimia mafuta kama zilivyokuwa giaboksi za zamani. Ili kuyaona mafuta yake ni lazima gari liinuliwe na lifunguliwe kwa chini, jambo ambalo yadi haikubali. Nilimuuliza kama anaweza hata kukisia, akanijibu: "Dada, hiyo ihesabu imekufa. Ukiikuta hai, shukuru Mungu."

Niliona hapo kwamba ndiyo hesabu yenyewe. Usiku ule nilikaa na karatasi, nikaanza na bei ambayo ningekubali kulipa sokoni kwa gari zima lililokaguliwa. Sikutumia bei wanayoitaja wauzaji, kwa sababu hakuna anayelipa hiyo, nilitumia 1,200,000. Kisha nikatoa matengenezo yaliyoonekana: tairi nne, betri, taa na bampa, huduma kamili ya vilainishi, ufunguo wa pili na bredauni ya kulitoa yadini. Yote yalifika 129,000. Bima na ada ya kuhamisha umiliki sikuzitoa, kwa kuwa ningezilipa hata kwa gari la yadi ya kawaida.

Baadaye nikatoa yale yasiyoonekana, na hapa ndipo nadhani watu wengi hujidanganya, kwa kuandika nusu ya gharama kwa matumaini kwamba bahati itawasimamia. Mimi niliyaandika kwa bei kamili, kama kwamba nimeshaambiwa yameharibika. Giaboksi iliyotumika kutoka Kirinyaga Road pamoja na kazi ya kuifunga niliambiwa ni 120,000, kiyoyozi 30,000, shoka za mbele zinazopunguza mtikisiko pamoja na mipira yake 35,000. Jumla 185,000. Mwisho nikatoa sehemu ya kumi ya bei ya soko, yaani 120,000, iwe malipo yangu kwa kukosa dhamana, kwa usumbufu, na kwa jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Kilichobaki kilikuwa 766,000. Kwa kuwa dau hupandishwa kwa elfu kumi kumi, kikomo changu kikawa 760,000, nikakiandika nyuma ya kadi ya namba yangu kwa kalamu nzito.

Mnada huo ulikuwa wangu wa pili. Katika ule wa kwanza, gari nililolifuata liliondolewa saa moja kabla ya kuanza kwa sababu mwenyewe alilipa deni, na niliondoka na hundi yangu pamoja na hasara ya pesa za fundi. Hilo ni la kutarajiwa: mkopaji akilipa kabla ya nyundo, au mahakama ikitoa amri ya kusimamisha mauzo, safari imeishia hapo.

Mara hii tulianza na 600,000. Hadi 700,000 tulikuwa watu watano, kisha tukabaki wawili. Mwenzangu alipandisha haraka sana, bila kufikiri, hadi nikajiuliza kama ni mnunuzi kweli. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inakataza muuzaji kujinadia mali yake mwenyewe au kumtuma mtu amnadie, isipokuwa haki hiyo imetangazwa wazi. Lakini ukiwa ukumbini huna namna ya kumjua mtu kama huyo, na hata ukimshuku, kinga uliyo nayo ni ile namba iliyo nyuma ya kadi. Alisimama kwenye 730,000. Nyundo ikagongwa kwangu kwa 740,000.

Sikujua kwamba ushindi huo ulikuwa wa muda. Dalali alitangaza kwamba dau liko chini ya bei ya benki, kwa hiyo lingepelekwa kwa benki liamuliwe. Nililipa 185,000 siku hiyo, nikapewa stakabadhi, nikangoja siku nne bila kujua kama nina gari. Benki ilikubali. Salio nililiweka kwenye akaunti iliyotajwa kwenye masharti ya mnada, ingawa kijana mmoja wa ofisini alijaribu kunipa nambari ya simu "ili iwe rahisi". Nilikataa, na ningemkataa hata kama angekuwa ndugu yangu.

Gari lilivutwa hadi gereji. Panya walikuwa wametafuna nyaya chini ya boneti, jambo ambalo halikuwamo kwenye orodha yangu, likanigharimu 42,000. Kiyoyozi kilihitaji 26,000 na shoka 18,000. Matengenezo tuliyoyaona yalizidi makadirio na kufika 141,000, kwa sababu ya ile taa. Giaboksi ilikuwa hai; ilibadilishwa mafuta tu. Nilichelewa kulitoa gari kwa siku sita, nikatozwa 500 kwa kila siku. Jumla yote ikawa 970,000, chini ya bei yangu ya soko kwa 230,000. Kama giaboksi ingekuwa imekufa, nafuu ingeshuka hadi 110,000. Na kama ningevutwa na joto la ukumbi hadi 900,000, ningetumia 1,130,000, na giaboksi mbovu ingenifikisha 1,250,000, juu ya bei ya gari zima lenye funguo mbili na muuzaji wa kumrudia.

Malalamiko yangu makubwa ni ya karatasi. Stakabadhi, cheti cha mauzo na barua ya benki nilivipata katika wiki ya kwanza, lakini ili umiliki uhame ilibidi benki ijiondoe kwenye rekodi ya NTSA kwa kuidhinisha uhamisho katika mfumo, na kila nilipopiga simu niliambiwa faili iko kwa afisa mwingine. Ilichukua wiki tano na barua mbili za maandishi. Gari lilikuwa tayari tangu wiki ya tatu, likakaa gerejini huku nikilipa teksi. Nikienda mnadani tena, nitauliza kabla ya kuweka amana ni nani hasa katika benki anayeidhinisha uhamisho, na karatasi yangu ya hesabu itakuwa na mstari wa nauli ya wiki tano.