Pakiti imeandika 80, mimi nimehesabu 59: tuchambue mbegu hizi za kitunguu

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo nina pakiti ya mbegu za kitunguu maji, gramu 100, na nimekasirika. Kaeni nami, nitawaonyesha kwa nini.

Aina ni Red Creole. Hii mnaifahamu, kwa hiyo sitaizungumzia sana. Neno moja tu: kitunguu hufunga kichwa kwa kufuata urefu wa mchana, na huyu anaridhika na mchana mfupi. Aina za mchana mrefu zinahitaji mwanga wa saa 14 hivi. Ukizipanda karibu na ikweta utavuna majani.

Msimu wameandika "mwaka mzima". Hapana, jamani. Miche inakaa kitaluni wiki 6 hadi 8, kisha shambani kama miezi 3 au 4. Hesabu kurudi nyuma kutoka kiangazi, ili vichwa vikomae jua likiwa kali. Vikikomaa kwenye mvua, shingo hazikauki na vinaozea ghalani.

Sasa kilichoniudhi. Sogeza kamera hapa. Mnaona? Uotaji asilimia 80. Mwisho wa matumizi upo, umegongwa juu ya mshono, nusu haisomeki. Lakini tarehe ya kupima uotaji iko wapi? Haipo! Hiyo 80 ilipimwa lini? Kwa mahindi ningevumilia. Mbegu ya kitunguu ni miongoni mwa zinazokufa mapema kabisa. Ikikaa kwenye joto na unyevu, mwaka mmoja unatosha kuiharibu. Tarehe ya mwisho inakisia kwamba pakiti ilitunzwa pakavu na pasipo joto, haijui kama ilianikwa juani kwenye rafu.

Kwa hiyo nimepima mwenyewe. Nimechukua mbegu sehemu mbalimbali za pakiti, juu, katikati na chini, nikahesabu 100 bila kuchagua zilizonona. Ukichagua, unajidanganya. Nikalowesha karatasi ya shashi, nikaikamua mpaka ikaacha kudondosha maji, maana mbegu ikizama inakosa hewa na inaoza. Nikazipanga safu 10 za mbegu 10, nikaviringisha, nikatia kwenye mfuko wa plastiki bila kuufunga kabisa, nikaweka ndani pasipo jua. Nikafanya bunda la pili vilevile.

Siku ya 6 nafungua, hesabu ya kwanza. Siku ya 12 ndiyo ya mwisho. Tazameni huyu: mzizi mweupe mrefu, na jani la kijani limejikunja kama goti. Huyo ni mche, anahesabiwa. Huyu wa pembeni ametoa ncha tu ya mzizi, ikawa kahawia, ikaishia hapo. Wengi wangesema ameota. Mimi simhesabu, kwa sababu udongo hatautoboa. Na hizi laini zinazopasuka ukizibonyeza zimeoza.

Bunda la kwanza 61, la pili 57. Wastani 59. Mtu ataniambia ni bahati tu. Ningepata 75 ningekubali, maana mbegu 100 ni chache na hesabu huyumba. Lakini kutoka 80 hadi 59, mara mbili mfululizo? Hiyo si bahati.

Uzito, niwe mkweli, wametenda haki: mizani inasoma gramu 100 za mbegu bila pakiti. Ila gramu moja ina mbegu 250 hadi 300, na mimi ninachonunua ni miche. Ili nipate miche niliyoahidiwa ninahitaji 80 gawanya kwa 59, mara gramu 100, yaani gramu 136 hivi. Ndiyo maana pakiti ya bei ya chini inaweza kuwa ghali kuliko ile ya kopo lililozibwa inayoandika tarehe ya kupima. Ile nimeitumia, na kwa sababu ya mstari huo mmoja naipenda zaidi.

Mwanzoni nilitaka kusema ongezeni mbegu tu, yaishe. Nimebadili mawazo. Kundi lililozeeka huota kwa kuchelewa, hawa leo, wale wiki ijayo, na kitalu kinakuwa na miche isiyolingana. Kwa 59 nitaongeza na nitasia mapema. Ikishuka chini ya 50 siisii.

Mlioomba mbolea, video inayofuata ni ya mifuko iliyoganda. Jiungeni na chaneli msiikose. Na ukishafungua pakiti kama hii, usiitegemee tena tarehe iliyogongwa: unyevu umeshaingia. Mimi zilizobaki nazitia kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, naandika 59 na tarehe ya leo juu yake.