Kapsuli za Kreatini: Soma Ganda Kabla ya Unga

Mapema mwaka huu nilinunua kopo la kapsuli 120 za kreatini, kirutubisho cha wanaofanya mazoezi ya nguvu, katika duka moja la virutubisho hapa Nairobi. Kwa mbele lilitangaza kuwa unga uliomo una cheti cha halali, nami nikaridhika. Jirani yangu wa Parklands, ambaye nyumbani kwao hawaonji nyama wala samaki, ndiye aliyeligeuza kopo na kusoma zile herufi ndogo za nyuma: jelatini. Haikuelezwa ni ya mnyama gani. Niliporudi dukani, muuzaji alinijibu, “Dada, kreatini hutengenezwa kiwandani, haina nyama.” Alisema kweli, lakini hakujibu nililomuuliza.

Kreatini inayouzwa madukani huundwa kwa kemikali, kwa kuunganisha sarkosini na sianamidi, wala haikamuliwi kutoka kwenye nyama. Kwa hiyo unga wenyewe mara nyingi hauna tatizo kwa Mwislamu wala kwa asiyekula nyama. Tatizo ni ganda. Jelatini hupatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa, hasa ya nguruwe na ng’ombe, na cheti cha unga hakisemi lolote kuhusu ganda lililonunuliwa kwingine. Ya ng’ombe haitoshi kwa Mwislamu mpaka ijulikane alichinjwaje, ingawa wapo wanazuoni wanaoona kwamba jelatini imekwisha kubadilika ikawa kitu kingine. Ya samaki humfaa Mwislamu, ila haimfai jirani yangu. Neno “jelatini” likisimama peke yake, mimi huliacha kopo rafuni.

Kibaya zaidi, ganda hilo si dogo kama linavyoonekana. Kapsuli zangu zilibeba gramu 0.75 za kreatini kila moja, kwa hiyo kipimo cha kawaida cha gramu 5 kwa siku kilinitaka nimeze saba. Ganda tupu la ukubwa huo lina uzito wa takriban gramu 0.12, maana yake nilikuwa nikila zaidi ya gramu 0.8 za jelatini kila siku. Na kopo zima, lenye gramu 90 tu za kreatini, lingeisha kwa takriban siku 17.

Ndiyo sababu nafasi ya kwanza naipa unga mtupu usio na ladha, na sifichi kwamba naipendelea Creapure, inayotengenezwa na Alzchem huko Trostberg, Ujerumani. Kampuni nyingi hununua unga huo na kuufunga katika makopo yao, kwa hiyo tafuta jina hilo juu ya kopo, kisha hakikisha kwamba orodha ya viungo ina kreatini monohaidreti pekee. Kopo la gramu 300 hukupa siku 60, na hakuna ganda la kubishania.

Asiyeweza kabisa kunywa unga achukue kapsuli za HPMC, ambazo lebo nyingine huziita hipromelosi. Hizo hutokana na selulosi ya mimea. Hata hapo, tazama magnesiamu stearati, kilainishi kinachoweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya wanyama; ninataka lebo iseme wazi. Bidhaa za chakula kutoka India hurahisisha kazi, kwa kuwa nukta ya kijani ndani ya mraba humaanisha hamna kitu cha mnyama isipokuwa vitu kama maziwa na asali. Jelatini ya ng’ombe yenye cheti cha halali kinachotaja kapsuli yenyewe ni ya tatu, kwa Waislamu peke yao. Peremende laini za kreatini naziweka mwisho, kwa sababu baadhi hushikanishwa kwa jelatini ileile. Unga wa bei ya chini unaopimwa katika mifuko isiyo na lebo sina la kuusemea.

Ukiwa tayari umenunua na lebo haieleweki, mwaga unga na uchome kipande cha ganda tupu. Jelatini ni protini, hivyo hunuka kama nywele zilizoungua, ilhali HPMC hunuka kama karatasi. Au litie ganda katika maji baridi: la jelatini huvimba na kulegea bila kuyeyuka, la HPMC huyeyuka polepole. Majaribio haya hayatakuambia kama ni nguruwe au ng’ombe.

Wauzaji wetu wananiudhi kwa jambo moja. Wanatoza zaidi kwa kapsuli, nami nililipa shilingi 3,600 kwa zile gramu 90, yaani shilingi 40 kwa gramu, ilhali kopo la unga la gramu 300 palepale liliuzwa shilingi 5,400, yaani shilingi 18. Kwa tofauti hiyo, mtu angetarajia wajue ganda limetoka wapi. Niliomba cheti cha kapsuli, nikaonyeshwa cha unga, na pesa zangu sikurudishiwa.