Google Sheets kwa ratiba ya kazi: uzoefu wangu wa kusimamia ukarabati Nairobi

Kazi yangu ni kusimamia ukarabati wa maduka na ofisi ndogo hapa Nairobi, na ratiba zangu zote naziweka kwenye Google Sheets. Ni ya bure. Jedwali lina safu za Kazi, Mhusika, Kuanza na Kumaliza, kisha nikaongeza ya tano, Siku, kwa sababu tarehe ya kumaliza siiandiki kwa mkono.

Kabla ya kujaza lolote, nenda File, kisha Settings, uweke Locale iwe United Kingdom. Ikibaki United States, ukiandika 8/12/2025 ukimaanisha Desemba, yenyewe inasoma Agosti 12 na haikwambii kitu. Ukiandika 13/12/2025 inashindwa, maana hakuna mwezi wa 13, basi inaiacha kama maandishi tu. Dalili yake ni kwamba tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa seli, nayo hiyo imejibana kushoto.

Jumamosi mafundi wetu wako saiti, lakini fomula ya kawaida ya WORKDAY huihesabu kama mapumziko. Kwenye D2, safu ya Kumaliza, natumia hii, na sikukuu nimeziorodhesha kwenye safu ya H:

```
=WORKDAY.INTL(C2-1, E2, 11, $H$2:$H$10)
```

Hiyo 11 maana yake Jumapili pekee ndiyo ya kupumzika. Kutoa 1 ni ili siku ya kuanza nayo ihesabiwe. Chukua plasta ya siku 5 iliyoanza Jumatatu, 8 Desemba 2025. Ijumaa tarehe 12 ilikuwa Jamhuri, kwa hiyo kazi inaisha Jumamosi tarehe 13. Rangi nayo inaifuata yenyewe, kwa fomula iliyo kwenye C3:

```
=WORKDAY.INTL(D2, 1, 11, $H$2:$H$10)
```

Inatoa Jumatatu tarehe 15. Fundi wa plasta akiomba siku 2 zaidi, nabadilisha 5 kuwa 7, na kila kitu cha chini kinasogea.

Kwenye Mhusika naweka jina moja tu, la kuchagua kwenye orodha. Ukiandika "fundi stima na Kamau", siku ya siku kila mmoja atakwambia alidhani ni mwenzake.

Ninachokilalamikia ni kupanga upya mistari. Ukilipanga jedwali kwa jina la mhusika, C3 iliyokuwa ikisoma mstari wa juu yake inaanza kusoma kazi isiyohusika, na tarehe zinavurugika bila onyo lolote. Afadhali kichujio, kwani chenyewe huficha mistari bila kuihamisha.

Kwenye simu pia safu zinabanana, na mafundi wengi hata hawaifungui. Mimi huchuja jina la fundi, napiga picha ya skrini na kumtumia kwa WhatsApp Jumapili jioni. Kwa kazi ya mistari 20 au 30 inanitosha kabisa. Jengo la ghorofa, lenye kazi moja inayosubiri nyingine tatu, singelipangia humu.